Zoezi lipi ulipeleke hadi kugota, na lipi ubakize moja au mbili: maswali tunayoulizwa uwanjani Mtwara

Haya ni maswali ninayoulizwa jioni pale tunapofanyia mazoezi, Chikongola, chini ya mwembe. Vifaa vyetu ni vile vya mitaani: bomba la chuma lenye makopo ya zege huku na huku, benchi la mbao, nondo iliyolazwa juu ya nguzo mbili za kujivutia, na dambeli chache za dukani. Nimejibu nikiwafikiria kwanza wenye vifaa kama hivyo. Walio kwenye jimu zenye mashine wana swali lao huko chini.

Kugota ni nini hasa?

Kugota ni pale unaposukuma kwa nguvu zako zote na chuma hakipandi. Msuli kuanza kuungua bado si kugota, na kuchoka roho pia si kugota. Wengi wanaoniambia "nimegota, mwalimu" huwa wamebakiza matatu au manne, wameyaogopa tu.

Kuna kugota kwa mwisho kabisa, ambapo chuma kinakushinda kikakulalia, na kuna kugota kwa mtindo, ambapo rudio linalofuata huwezi kulifanya bila kupinda kiuno, kuinua makalio au kujirusha. Mimi nikisema "gota" nina maana ya hii ya pili. Ukishaharibu mtindo, seti imekwisha, hata kama bado una uwezo wa kukipandisha kwa ujanja.

Nikisema "bakiza mbili", maana yake ungeweza kufanya mawili mengine safi, lakini unakirudisha chuma mahali pake kwa hiari yako.

Kama kugota kunajenga msuli, kwa nini nisigote kila zoezi?

Kwa sababu karibu faida yote unaipata kabla hujagota. Ndani ya msuli kuna nyuzi ndogo zinazoanza kazi mapema na nyuzi kubwa ambazo mwili unaziita pale tu kazi inapozidi. Ukibeba uzito ambao mwisho wako ni marudio sita au nane, nyuzi kubwa zinaitwa karibu tangu mwanzo. Ukifika rudio la pili kutoka mwisho, zote ziko kazini tayari, na kuongeza lile la kugota kunakupa kidogo sana. Tafiti zilizolinganisha watu wanaogota na wanaobakiza moja au mbili, wakifanya kazi inayolingana, zimekuta misuli inakua kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa upande wa nguvu, yaani kuweza kubeba uzito mkubwa zaidi, kugota hakuongezi kitu cha kuonekana.

Uzito mwepesi ni habari nyingine. Ukifanya kitu unachoweza kukirudia mara ishirini na tano, nyuzi kubwa haziitwi mpaka zile ndogo zichoke, na hilo hutokea mwishoni kabisa. Ukiishia la kumi na tano umetoka jasho, ila nyuzi zile kubwa hukuzigusa. Ndiyo maana pushapu na kuinua dambeli ndogo pembeni inabidi uzisogeze karibu kabisa na mwisho, na kubakiza mbili kwenye benchi zito, yaani kulala benchini na kusukuma bomba kutoka kifuani, hakukupotezei kitu.

Gharama ya kugota nayo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Seti ya pili na ya tatu zinaanguka, na uchovu wake unaweza kukaa mwilini siku moja au mbili zaidi. Huko chini nimeweka mfano wenye hesabu.

Sasa nitaamuaje kwa kila zoezi?

Jiulize mambo mawili. La kwanza: nikigota hapa, chuma kinaenda wapi? Kama jibu ni "kinashuka pembeni ya mapaja yangu", umepona. Kama jibu ni "kinashuka shingoni", umejibiwa tayari. La pili: kinachochoka kwanza ni nini? Kama ni ule msuli uliokusudia, kugota kuna maana. Kama ni kiuno, mshiko wa vidole au pumzi, utagota kabla msuli wenyewe haujafika popote, na utakuwa umelipa gharama bila kupewa bidhaa.

Orodha za mtandaoni hazitakusaidia sana hapa, kwa sababu zimeandikwa na watu wenye vyuma tofauti na vya kwetu. Benchi lao na benchi letu vinafanana jina tu.

Kwa nini unasema benchi la zege ni hatari kuliko la jimu?

Kwenye jimu, sahani za chuma zinavaliwa kwenye bomba na zinaweza kuvuliwa. Mtu aliye peke yake, asiyefunga vile vibanio vya mwisho, akigota anainamisha bomba upande mmoja, sahani zinamwagika chini, na yeye anatoka. Kopo la zege haliinamishiki hivyo. Limegandia bomba na halitoki. Ukiinamisha, upande wa pili unanyanyuka na chuma kinajizungusha juu ya kifua chako.

Kwa hiyo sheria yetu ni moja: benchi bila mtu wa kukushika, bakiza mbili. Mwenye kukushika akiwepo, amesimama kichwani na anakutazama wewe, si simu, bakiza moja. Kidole gumba kizungushe bomba kila mara. Ule mtindo wa kuweka gumba upande mmoja na vidole vingine, chuma kikiteleza kinashuka moja kwa moja kooni, na watu wamekufa hivyo.

Anayefanya peke yake mara nyingi namshauri ajenge vizuizi viwili, kimoja kila upande wa benchi. Vipimo vyake ni hivi. Lala benchini, vuta pumzi, kifua kiwe juu, mtu akuwekee bomba kifuani, kisha apime kwa futi ya fundi kutoka ardhini hadi chini ya bomba. Tuseme benchi lina urefu wa sentimita 42 na kifua chako kinaongeza 24: jumla 66. Vizuizi viwe chini ya hapo kwa sentimita tatu, yaani 63. Tofali za inchi sita zikilazwa zinapanda sentimita 15 kila moja, kwa hiyo tofali nne zinakupa 60, na ubao wa sentimita tatu juu yake unakamilisha. Unapofanya zoezi kama kawaida bomba linagusa kifua bila kugusa ubao. Ukigota, unatoa pumzi, unalegeza kifua, na bomba linakaa juu ya mbao huku shingo yako ikiwa na nafasi. Tofali zishikamane kwa saruji. Zikipangwa hivihivi siku chuma kikidondokea pembeni zitahama nazo, na ukuta utakuwa umekuangukia badala ya chuma.

Wengine huuliza kama inatosha kulala chini kabisa, mchangani, ili makopo yaguse ardhi kabla bomba halijamfika mtu. Pima kwanza. Ndoo ya lita kumi ina upana wa kama sentimita 25, hivyo bomba litasimama sentimita 12 hivi kutoka ardhini. Kifua chako ni kinene kuliko hapo. Sahani kubwa za jimu, zenye upana wa sentimita 45, ndizo zinazokaribia kutosha, na sisi hatuna.

Ikitokea umegota bila mtu na bila vizuizi, usihangaike kulisukuma tena mpaka nguvu zote ziishe. Lishushe kifuani taratibu ukiwa bado unalimudu, livingirishe kuelekea tumboni hadi nyonga, kisha ukae. Linaumiza, na kwa uzito mkubwa linaacha alama, lakini utapumua. Na paza sauti. Kijana mmoja hapa kwetu alikaa chini ya chuma kimya kwa sababu aliona aibu kuita, tukamkuta amekuwa mwekundu machoni.

Makopo yangu yalimiminwa kwa macho. Yana uhusiano na kugota?

Yana uhusiano mkubwa. Zege lililokauka lina uzito wa kama kilo 2.4 kwa kila lita, kwa hiyo kopo la rangi la lita nne lina kilo tisa na nusu hivi, na ndoo ya lita kumi ina kilo 24. Hiyo ni kama limejazwa sawasawa na kokoto zimeshindiliwa. Ukweli wa mtaani ni kwamba moja limeishia vidole viwili chini ya ukingo na lingine limefura.

Seti ikiwa mbichi hulioni tatizo. Karibu na mwisho, upande wenye kopo zito unaanza kubaki nyuma, bomba linapanda kwa mshazari, bega moja linabeba kazi ya mawili. Mtu anadhani mkono wake wa kulia ni dhaifu, kumbe zege ndilo limezidi. Jaribu kugeuka: lala ukielekea upande wa pili. Kama sasa ni mkono wa kushoto unaobaki, tatizo ni kopo.

Pima kila upande kwa mizani ya kuning'iniza, kama ile wanayopimia korosho vijijini. Tofauti ya kilo tatu inafidiwa kwa mchanga mkavu: chupa ya maji ya lita moja na nusu ikijaa mchanga ina kilo mbili na robo hadi mbili na nusu, na ya nusu lita ina kama kilo 0.8. Zifunge mbili hizo kwa utepe wa mpira wa tairi la baiskeli, zibanane na kopo jepesi zisicheze. Mpaka ufanye hivyo, ongeza akiba: bakiza tatu.

Skwati na dedilifti je?

Hapa sina maneno mengi: hugoti. Skwati ya bomba begani inamalizikia kiunoni. Miguu bado ina kitu, lakini kifua kinainama mbele, makalio yanatangulia kupanda, na mgongo unafanya kazi ya mapaja. Ukianza kuona hivyo umeshachelewa kwa rudio moja. Bakiza mbili, na kama huna nguzo za kukushikia chuma chini, bakiza tatu.

Dedilifti, yaani kuokota chuma kutoka chini hadi usimame wima, angalau ukishindwa unaiachia. Shida yake ni kwamba kabla hujashindwa mgongo unajikunja, na mwenye kuinua huwa halioni hilo mwenyewe. Mwombe mtu akupige video kwa pembeni. Rudio ambalo mgongo wake haufanani na wa rudio la kwanza ndilo lililopaswa kutokuwepo. Kwa wengi wetu vidole vinaachia kabla ya vyote, maana bomba la maji ni nene na linateleza kwa jasho. Hilo nalo si kugota kwa mgongo wala mapaja. Paka majivu au vumbi kavu mikononi, punguza jasho, uendelee kesho kutwa.

Ukitaka miguu igote kweli, shika dambeli mbili, weka mguu mmoja nyuma juu ya benchi, panda na kushuka kwa mguu wa mbele. Ukiishiwa unaziachia dambeli mchangani, umemaliza. Paja litakwambia lenyewe kesho yake kwenye ngazi.

Basi ni mazoezi gani yanafaa kugota?

Pushapu, kwanza kabisa. Ukigota unalala kifudifudi, basi. Na kwa kuwa mtu mzoefu anazipiga ishirini au thelathini, ni zile za mwisho zinazofanya kazi. Shuka mpaka kifua kiguse, kiuno kisibinuke, na siku unapovuka thelathini weka miguu juu ya tofali ili idadi ishuke.

Kukunja mikono kwa dambeli ni hivyohivyo: dambeli inashuka pembeni ya paja, hakuna wa kulaliwa. Kuinua dambeli pembeni kwa ajili ya mabega, vilevile. Hapa mtindo unaharibika mapema kwa watu kujirusha, kwa hiyo egemeza mgongo kwenye mwembe. Ukishindwa bila kujirusha, hapo ndipo umegota. Vigimbi navyo, kwa kupanda na kushuka kwenye ukingo wa tofali mguu mmoja mmoja, vinavumilia kugota vizuri na kupona haraka, ila simama chini kabisa kwa sekunde moja, la sivyo unadundadunda tu.

Kujivuta kwenye nondo kuko katikati. Ukigota unaning'inia kisha unashuka, kwa hiyo usalama upo. Lakini watu hawakubali kugota hapo: wanapiga mateke, wanavuta kidevu nusu, na baada ya wiki chache viwiko vinauma kwa ndani. Seti za kwanza bakiza moja, ya mwisho nenda mpaka kidevu kisivuke nondo, ushuke. Dipsi, yaani kujishusha na kujisukuma juu kwa mikono miwili, nazibakizia moja kila seti, kwa sababu bega lililochoka likishuka chini sana linaachia mahali pabaya.

Nitajuaje nimebakiza mbili, si tano?

Hili ndilo swali gumu, na hujifunzi kwa kusoma. Watu wengi, hasa wapya, wanajidhania wamekaribia kuliko walivyo kweli, na kosa linakuwa kubwa zaidi kwenye seti ndefu. Kwa hiyo jipime kwenye zoezi salama. Piga pushapu. Unapohisi umebakiza mbili, sema kwa sauti "mbili", kisha endelea mpaka ugote. Ukifanya tano zaidi, umekosea kwa tatu. Rudia mara moja kwa wiki, na kwa kukunja mikono pia. Baada ya mwezi hivi makosa ya wengi yanashuka hadi rudio moja, na hapo ndipo naamini wanachoniambia wakiwa kwenye benchi.

Kwenye benchi lenyewe tazama kasi. Marudio ya mwanzo yanapanda kwa sekunde moja. Lile la kwanza kupunguza mwendo bila wewe kutaka, huku unasukuma kwa nguvu ileile, kwa kawaida ni la tatu au la pili kutoka mwisho. Likisimama kidogo katikati ya njia kabla ya kuendelea, umebakiza moja kwa bahati, au hukubakiza kitu. Hapo usijaribu lingine.

Nipe mfano wa mtu kamili.

Fundi pikipiki wa Magomeni, miaka 22, anafanya mazoezi mwaka wa pili. Bomba lake lina kilo sita, kopo moja 23, jingine 26: jumla 55. Alikuwa anagota kila seti ya benchi, mimi nikimshika. Daftari lake la Jumatatu lilisoma 10, kisha 6, kisha 4. Jumla ni marudio 20, na mawili au matatu kati yake yalikuwa ya makalio juu. Alhamisi alianza na 9. Wiki tatu alizunguka hapohapo, akaja kuniuliza kama anunue unga wa protini.

Tulifanya mambo matatu. Kwanza tulifunga chupa mbili za mchanga upande wa kilo 23, ikawa kama kilo 58 na bomba likanyooka. Kisha akaacha kugota: 8, 8, 7, akipumzika dakika tatu kati ya seti. Jumla 23, yote safi, na uzito umezidi. Mwisho, baada ya benchi, alipiga pushapu seti mbili za kugota, ya kwanza 19 na ya pili 13. Kugota kwake hakukupotea, kulihamia mahali ambapo hakumgharimu kitu. Alhamisi alirudi akiwa na 8 tena tangu mwanzo.

Wiki ya sita alifika 10, 10, 9 akiwa bado na mbili za akiba. Kwa makopo ya zege huwezi kuongeza kilo mbili mbili kama jimuni, kwa hiyo tukaongeza chupa moja ya nusu lita kila upande, ambayo ni kilo 1.6 kwa jumla. Si nyingi, na ndivyo inavyotakiwa. Aliyemwaga ndoo mpya za lita kumi na tano aruke moja kwa moja hatakaa afikishe nane.

Ungenifuata na unga wa protini ningekujibu vilevile: kula samaki na mbaazi, angalia daftari.

Mshikaji wangu ananisaidia rudio la mwisho. Nilihesabu?

Hapana. Lililosaidiwa ni la wawili, na mara nyingi yeye ndiye anayefanya mazoezi ya mgongo. Mtu wa kukushika haweki mikono mpaka chuma kisimame au kianze kurudi. Hapo anakiondoa, hasukumi na wewe.

Niko jimu yenye mashine. Yote haya yananihusu?

Nusu yake. Mashine ya kusukuma kifua, ya kunyoosha goti, ya kukunja goti na ya kuvuta kamba kutoka juu zote zinaweza kugotwa, kwa sababu uzito unatembea kwenye reli na ukiachia unarudi mahali pake. Angalia ile ya kusukuma kwa miguu ukiwa umelala: hakikisha vishikio vya usalama vimepangwa, na usinyooshe magoti mpaka yakaze. Hata kwenye mashine, gota seti ya mwisho tu.

Msimu wa korosho nabeba magunia ghalani mchana. Niendelee kugota jioni?

Miguu na mgongo, hapana. Kuanzia Oktoba mpaka msimu upungue, magunia ndiyo skwati zako na dedilifti zako, na hakuna anayekuhesabia akiba. Jioni fanya benchi kwa kubakiza tatu, pushapu na mikono gota seti moja moja. Ukiona rudio la kwanza la uzito uleule uliouzoea linapanda polepole kuliko wiki iliyopita, siku hiyo fanya nusu uende nyumbani.

Mimi ni mpya kabisa. Nianze lini kugota?

Wiki nne hadi sita za kwanza usigote kabisa, hata pushapu. Mtindo hujauzoea, na misuli ambayo haijawahi kazi hiyo inaweza kuvunjika kupita kiasi, hasa joto la huku likipanda na jasho lisikauke. Dalili zake ni maumivu makali yasiyolingana na zoezi, mikono au mapaja kuvimba na kukakamaa, na mkojo wenye rangi ya soda nyeusi, kwa kawaida ndani ya siku moja hadi tatu. Hilo si la kusubiri wala la kunywea dawa ya maumivu. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kinachotoka kwenye misuli kinaziba figo. Mwenye ugonjwa wa selimundu asianze hata kidogo bila daktari, na aliyebeba kinasaba chake tu, bila kuugua, naye yuko kwenye hatari kuliko wengine.

Mwenye presha ya juu pia asigote. Rudio la mwisho humfanya mtu abane pumzi, na presha hupanda ghafla sana kwa sekunde hizo. Abakize tatu na apumue kila rudio.

Mwezi wa Ramadhani?

Kabla ya futari usigote chochote, huna maji mwilini. Wengi wetu tunasogeza mazoezi hadi baada ya tarawehe, tunapunguza seti moja kila zoezi, na kugota kunabaki kwenye pushapu na mikono. Anayelazimika kufanya saa kumi na moja jioni afanye nyepesi, abakize nne, na asifanye benchi akiwa peke yake, maana kizunguzungu hakikupi taarifa ukiwa chini ya kilo 58.